Swali la 17 na dawa ya moyo: majibu ya yale mnayoniuliza tangu Ijumaa

Tangu nibandike matokeo ya mtihani Ijumaa nimeulizwa jambo lilelile, swali la 17 la mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu ya kutosha: kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, na mmoja wenu alinikuta sokoni nikichagua pweza. Kwa kuwa siwezi kumweleza kila mtu peke yake, nimeyakusanya maswali yenu hapa na kuyajibu. Zaidi ya nusu ya darasa walichagua A. Waliobaki wengi walikwenda B. Jibu ni C, na halitabadilika.

Mwalimu, tukumbushe swali lilisemaje.

Mama wa miaka 58, mkazi wa Mikindani, ana presha ya miaka mingi. Eko ilionyesha moyo umetanuka na EF, yaani sehemu ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo, ni asilimia 30. Kwa miezi 6 anatumia enalaprili miligramu 10 mara mbili kwa siku, kavediloli miligramu 25 mara mbili, na furosemaidi miligramu 40 kila asubuhi. Kazi za nyumbani anafanya, ila akipanda mlima kutoka ufukweni lazima asimame kidogo kuvuta pumzi. Usiku analalia mto mmoja. Miguu haijavimba, mshipa wa shingo haujajaa, mapafu ni safi. Uzito ni kilo 61, uleule wa miezi miwili iliyopita. Presha 118/74, mapigo 64 kwa dakika na yanakwenda kwa mpangilio. Potasiamu 4.4 mmol/L, kreatinini mikromoli 88 kwa lita.

Hatua ipi kati ya hizi ndiyo itakayompunguzia zaidi hatari ya kufa?

A. Kuongeza furosemaidi iwe miligramu 80
B. Kuongeza digoksini
C. Kuongeza spironolaktoni miligramu 25
D. Kuongeza amlodipini miligramu 5

Kwa nini wengi tulikosea?

Kwa sababu mmeona kwa macho yenu lasiksi, yaani furosemaidi, ikifanya kazi. Mkumbuke yule mzee aliyeletwa usiku kutoka Newala wakati wa zamu yenu ya wodi ya wanaume. Alifika amekaa wima kitandani, mikono ameikita magotini, hawezi kumaliza sentensi. Akachomwa furosemaidi ya mshipa. Ndani ya nusu saa mfuko wa mkojo ulianza kujaa, na asubuhi tukamkuta amelala chali anaomba uji. Mmoja wenu akaniambia, "Mwalimu, lasiksi imemwokoa." Sikumsahihisha, maana usiku ule alikuwa anasema kweli.

Tatizo ni kwamba picha ile mmeibeba hadi kwenye chumba cha mtihani mkamwekea mama wa Mikindani, ambaye hana maji ya kutoa. Swali halikuuliza nini kitamfanya apumue vizuri leo. Liliuliza nini kitapunguza uwezekano wa kufa. Haya ni mambo mawili tofauti, na kwenye ugonjwa huu dawa zake pia hutofautiana. Ipo dawa inayompa mgonjwa nafuu kabla jua halijazama bila kuthibitishwa kumwongezea hata mwezi mmoja wa kuishi. Ipo nyingine ambayo mgonjwa haisikii kabisa mwilini, anakulalamikia kuwa kidonge hakina kazi, na ndiyo inayomweka hai.

Lakini anahema. Mgonjwa wa moyo anayehema si ana maji?

Hili ndilo swali lililoulizwa na wengi, nami nalipa uzito kuliko yote.

Mgonjwa wa moyo huhema kwa njia mbili. Ya kwanza, damu imerundikana nyuma ya moyo, mapafu yamelowa. Huyo utamjua: analalia mito mitatu au anakaa usiku kucha, anakurupuka usingizini kutafuta hewa, ukiweka stethoskopu chini ya mapafu unasikia michakaro, mshipa wa shingo umesimama hadi karibu na sikio, kidole ukikibonyeza juu ya kifundo kinaacha shimo, na mizani inasema ameongezeka kilo 3 au 4 kwa wiki moja. Ya pili, moyo hausukumi damu ya kutosha kwenda mbele anapofanya kazi nzito. Akikaa ni mzima, akilala ni mzima, akipanda mlima misuli inadai damu na moyo hauna.

Sasa rudini kwenye shina la swali. Mto mmoja. Mapafu safi. Shingo tupu. Miguu mikavu. Kilo zilezile kwa miezi miwili. Nilirundika ishara tano kukuambia kwamba mama huyu hana maji ya ziada, na wengi mlizipita mkakimbilia neno "kuvuta pumzi". Nilipopitia karatasi zenu za kazi niliona wengi mmepigia mstari neno hilo peke yake.

Na kumpa miligramu 80 si jambo lisilo na madhara. Mtu mkavu ukimkojoza zaidi, damu inayozunguka inapungua. Figo zinahisi upungufu na kumwaga renini, kisha anjiotensini na aldosteroni vinapanda, yaani unachochea ule mfumo uleule ambao enalaprili inajaribu kuutuliza. Presha inashuka hadi 95, anapata kizunguzungu akiinuka, kreatinini inapanda kutoka 88 hadi 130. Hapo anakuja tabibu mwingine kliniki, anaona kreatinini, analaumu enalaprili na kuipunguza au kuisimamisha. Mama amepoteza dawa inayomlinda kwa sababu ya dawa asiyoihitaji. Nimeuona mlolongo huu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Kwa hiyo furosemaidi haina maana?

Sijasema hivyo, na atakayeandika hivyo kwenye mtihani ujao nitamkata alama. Hakuna jaribio kubwa lililoonyesha furosemaidi ya kila siku inarefusha maisha, na kulifanya si rahisi, kwa kuwa huwezi kumnyima mtu aliyejaa maji dawa ya kuyatoa ili uone kama atakufa. Kanuni ni dozi ndogo kabisa inayomweka mgonjwa mkavu. Ikibidi iongezwe, inaongezwa. Maji yakiisha, inapunguzwa. Ni dawa inayofuata mizani.

Kwa watu wa pwani nitalisema hivi: kwenye mashua inayovuja, furosemaidi ni kufua maji. Usipofua mnazama leo. Lakini ukifua mwaka mzima bila kutia kalafati, mbao zinaendelea kuoza. Mfano huu usiuvute sana, kwa sababu hakuna dawa inayoziba tundu la moyo, ila unawatenganishia kazi mbili mlizozichanganya.

Kama ningebadilisha shina, nikasema amekuja na kilo 65, miguu imevimba hadi magotini na mapafu yanachakarika, na nikauliza hatua ya kwanza leo ni ipi, A ingekuwa sahihi.

Spironolaktoni si nayo ni ya kukojoza, tena hafifu? Kwenye slaidi yako umeiweka pamoja na furosemaidi.

Ni kweli, na hapa kosa ni langu. Slaidi ya wiki ya tatu ina kichwa "Dawa za kukojoza", na chini yake nimepanga furosemaidi, haidroklorothiazidi na spironolaktoni kama ndugu wa tumbo moja. Mtu akisoma hivyo, halafu akakuta A na C kwenye swali moja, atafikiri ni shindano la nani anakojoza zaidi, na bila shaka furosemaidi itashinda. Slaidi nimeibadilisha.

Kwenye dozi ya miligramu 25 spironolaktoni haikojozi kitu cha maana. Kazi yake ni kuzuia aldosteroni isishike mahali pake. Aldosteroni ni homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Tunaijua kwa kuhifadhi chumvi na kutupa potasiamu, lakini ikizidi kwa muda mrefu inafanya zaidi ya hapo: inajenga nyuzi za kovu kwenye misuli ya moyo, moyo unakuwa mgumu, na njia za umeme zinapita katikati ya kovu. Moyo wa namna hiyo unaweza kusimama ghafla. Ndiyo maana wagonjwa hawa hawafi kwa kuzama kwenye maji peke yake. Wengine walikula chakula cha usiku vizuri na hawakuamka.

Mtaniuliza: enalaprili si inazuia anjiotensini, na anjiotensini ndiyo inayoamuru aldosteroni itoke? Mwanzoni ndiyo. Lakini baada ya miezi kadhaa kwa wagonjwa wengi aldosteroni inarudi juu ingawa enalaprili inamezwa kila siku, kwa sababu ina milango mingine, na mmojawapo ni potasiamu yenyewe, inayoweza kuziamsha tezi zile moja kwa moja. Kwa hiyo enalaprili peke yake haifungi mlango wote. Spironolaktoni inakaa upande wa pili wa mlango.

Ushahidi wake ni upi hasa?

Jaribio linaloitwa RALES, lililochapishwa 1999. Wagonjwa 1,663, EF asilimia 35 au chini, wenye dalili kali, wengi wao tayari wakitumia dawa za kundi la enalaprili pamoja na furosemaidi. Nusu walipewa spironolaktoni, nusu kidonge kisicho na dawa. Lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilishaonekana. Kwa wastani wa miaka 2, walikuwa wamekufa asilimia 46 ya waliopewa kidonge kitupu, na asilimia 35 ya waliopewa dawa.

Fanyeni hesabu wenyewe. 46 kutoa 35 ni 11. Katika kila wagonjwa 100 vifo 11 vimeepukwa, maana yake ukiwatibu wagonjwa takriban 9 kwa miaka 2 unaepusha kifo kimoja. Kwa kidonge kidogo cha bei nafuu, si haba hata kidogo. Na angalieni tena jambo moja: makundi yote mawili yalikuwa yanakunywa furosemaidi. Waliokufa asilimia 46 walikuwa wanakojoa vizuri tu.

Mwalimu, wagonjwa wa RALES walikuwa wagonjwa sana, na wachache tu walitumia dawa kama kavediloli. Mama wa Mikindani si mgonjwa kiasi hicho, na kavediloli anatumia.

Aliyeuliza hili ni mmoja tu, alichagua C, na alikuja kulalamika kwamba C haijathibitishwa vya kutosha. Nilifurahi sana.

Yuko sahihi kuhusu RALES. Wakati ule kavediloli na jamaa zake zilikuwa bado hazijazoeleka kwenye ugonjwa huu, na ni kama mgonjwa mmoja kati ya kumi aliyekuwa akizitumia. Pengo hilo lilijazwa 2011 na jaribio la EMPHASIS-HF, lililotumia eplerenoni, ndugu wa spironolaktoni. Wagonjwa 2,737 wenye dalili za wastani, kama mama yetu, na wengi wao walikuwa kwenye dawa za kundi la kavediloli. Vifo vilipungua pia, ingawa si kwa kiwango kikubwa kama RALES, na hiyo inaeleweka kwa sababu mgonjwa asiye mahututi ana kifo kidogo cha kupunguziwa.

Na digoksini?

Digoksini ilijaribiwa kwa wagonjwa 6,800 wenye mapigo ya mpangilio, matokeo yakatoka 1997. Vifo vilikuwa sawa pande zote mbili, karibu asilimia 35 kwa 35. Kilichopungua ni kulazwa kwa ajili ya moyo. Kwa hiyo ni dawa inayopunguza safari za wodini bila kupunguza safari za makaburini, na swali liliuliza hizo za pili.

Zaidi ya hapo, mama huyu ana mapigo 64. Digoksini ingekuwa na hoja kama moyo wake ungekuwa unapiga ovyo, mfano 130 bila mpangilio. Pia nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba, na potasiamu ikishuka kwa sababu ya furosemaidi, nafasi hiyo inazidi kuwa nyembamba. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona vitu vina rangi ya njano ni dalili ambazo mgonjwa atakuambia ukimuuliza. Usipomuuliza hatasema.

Amlodipini?

Haimuui wala haimwongezei maisha. Presha yake ni 118, hana haja nayo. Kazi pekee ambayo ingefanya ni kumvimbisha vifundo vya miguu, kisha mtu angemwongezea furosemaidi kwa uvimbe wa amlodipini.

Mimi niliijua C, nikaiacha kwa sababu yuko kwenye enalaprili na niliogopa potasiamu. Nimekosea?

Umekosea jibu lakini hujakosea kuogopa. Kati ya makosa yote ya swali hili, hili ndilo ninaloliheshimu.

Dawa zote mbili zinazuia potasiamu isitoke. Baada ya RALES kuchapishwa, madaktari wa jimbo la Ontario, Kanada, waliiandika spironolaktoni kwa wingi, na wengi hawakufuatilia damu. Uchunguzi uliochapishwa 2004 uliangalia wazee waliokuwa kwenye dawa za kundi la enalaprili: waliolazwa kwa potasiamu kupanda walikuwa 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994, na mwaka 2001 walikuwa 11. Wagonjwa wa mtaani hawakuwa kama wale wa jaribio, ambao walichaguliwa na kupimwa kila mara.

Nami nina wangu. Miaka ya mwanzo ya kazi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilimwanzishia mzee mmoja spironolaktoni nikampa tarehe ya kurudi baada ya miezi 3. Wiki ya tano akapata kuhara, siku nne hakula wala kunywa vya kutosha, na vidonge vyote aliendelea kuvimeza kwa uaminifu kwa sababu nilimwambia asiache hata siku moja. Aliletwa amelegea, mapigo 38. Potasiamu ilikuwa 7.1. Alipona, kwa bahati. Tangu hapo kila ninayemwanzishia dawa hii namwambia mbele ya ndugu yake: "Mama, ukiharisha au kutapika, hiki kidonge kiache siku hiyo, na uje tukuone."

Kwa hiyo kabla ya kuandika, angalia namba mbili. Potasiamu isiwe zaidi ya 5.0. Kreatinini isizidi mikromoli 221 kwa mwanamume au 177 kwa mwanamke. Mama wa Mikindani ana 4.4 na 88. Namba hizo niliziweka kwenye shina makusudi, kuwaambia mlango uko wazi. Kisha pima tena baada ya wiki 1 na wiki 4, halafu kila baada ya miezi michache. Potasiamu ikipita 5.5, punguza dozi nusu. Ikipita 6.0, simamisha.

Kama pale ulipo hakuna namna ya kupima potasiamu kabisa, basi usiianzishe hapo. Mpe rufaa aanzishiwe panapopimika. Hili mtakutana nalo mkipangiwa zahanati.

Vitu gani vingine vinapandisha potasiamu huku kwetu?

Vidonge vya potasiamu vyenyewe, ambavyo baadhi ya wagonjwa walishapewa pamoja na furosemaidi na hakuna aliyekumbuka kuviondoa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linauza na kila mwenye goti linalouma anazo. Kotrimoksazoli, na hii msisahau, kwa sababu wapo wagonjwa wanaoimeza kila siku kwa ajili ya kinga na wanaihesabu kama "ile dawa yangu ya siku zote", hawaitaji ukiwauliza dawa. Chumvi zinazouzwa kama mbadala kwa watu wa presha, nyingine zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu.

Na madafu. Dafu moja kubwa lina potasiamu kuliko ndizi mbivu, na huku mgonjwa anayeambiwa apunguze soda anakimbilia madafu mawili matatu kwa siku akijua anafanya jambo jema. Simkatazi dafu moja moja. Namuuliza anakunywa mangapi.

Maabara ikileta potasiamu 6.4 na mgonjwa yuko mzima anacheka?

Uliza kwanza damu imesafiri vipi. Sampuli iliyochukuliwa Nanyamba asubuhi, ikakaa kwenye kisanduku hadi mchana, ikaletwa mjini kwa bodaboda, chembe zake zinaweza kuwa zimepasuka na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani. Maji ya juu yakiwa mekundu badala ya njano, namba hiyo haiaminiki. Lakini usimrudishe nyumbani kwa kudhani tu. Simamisha kidonge cha siku hiyo, piga ECG kama ipo, chukua damu mpya bila kumfunga mkono muda mrefu, na ipimwe papo hapo.

Mbona dapagliflozini haikuwemo kwenye machaguo? Kila mtu anaizungumzia.

Kwa sababu ingekuwemo, swali lingekuwa na majibu mawili. Tangu 2019 tunajua kwamba nayo inapunguza vifo kwa wagonjwa wa EF ya chini, hata wasio na kisukari. Anayeweza kuipata aipate. Haiondoi nafasi ya spironolaktoni, zinatumika pamoja.

Kama EF ingekuwa asilimia 55, C ingebaki jibu?

Hapana, si kwa uhakika huu. Kwa moyo unaosukuma vizuri lakini mgumu, jaribio kubwa la spironolaktoni la 2014 halikuonyesha tofauti ya wazi kwenye kipimo chake kikuu. Ile namba 30 kwenye shina si pambo.

Angekuwa mwanamume, kuna la kubadilisha?

Jibu lilelile, ila umwambie mapema kuhusu matiti. Kwenye RALES karibu mwanamume mmoja kati ya kumi alivimba matiti au kupata maumivu. Usipomwambia ataacha dawa kimyakimya na hatakueleza sababu, hasa kama wewe ni binti wa umri wa mjukuu wake.

Je, walioandika A watapata nusu alama?

Hapana. Slaidi yangu ilikuwa na kosa la mpangilio, lakini maelezo ya mdomo mlipewa siku ileile, na mto mmoja ulikuwa kwenye swali, si kwenye slaidi.

Mama wa Mikindani ni mtu wa kweli?

Nimemtengeneza kutokana na wagonjwa kadhaa, ila kilichofuata baada ya C kimetokea kweli kwa mmoja wao, na nakiandika kwa sababu kitakuja kwenye mtihani wa vitendo.

Alianza miligramu 25. Wiki ya kwanza potasiamu 4.8, kreatinini 96. Sawa. Wiki ya nne potasiamu 5.7, kreatinini 124. Hakuwa na dalili yoyote, na sampuli ilikuwa safi. Mwanafunzi niliyekuwa naye alitaka kufuta dawa palepale. Nikamwambia amuulize mama kwanza.

"Mama, tangu ulipokuja mara ya mwisho kuna dawa nyingine yoyote umetumia? Hata ya kununua dukani?"

"Dawa hapana, mwanangu. Ila tulikuwa kwenye korosho, mgongo na magoti havifai kwa kuinama. Nikawa nameza vile vya njano vya maumivu, asubuhi na jioni."

Alitoa karatasi kwenye pindo la kanga. Ilikuwa diklofenaki, imebaki vidonge vitatu. Tukamsimamishia hiyo, tukampa parasetamoli, spironolaktoni tukaishusha hadi nusu kidonge, miligramu 12.5, na tukamwomba arudi baada ya siku 5. Potasiamu ilikuwa 4.9. Wiki mbili baadaye ikawa 4.6 na kreatinini 91, tukamrudishia kidonge kizima. Furosemaidi yake haikuguswa. Ilibaki miligramu 40.